Maisha ya Shangazi katika Mishororo Kumi na Miwili

Shangazi yangu alifariki mwaka jana hapa Mwanza, akiwa na umri wa miaka 71, na watoto wake waliniomba shairi la kusomwa siku ya arobaini. Nyuma ya kadi iliyochapishwa palibaki nafasi ya mishororo 12 tu. Kwa mtunzi wa Kiswahili, hesabu hiyo inaita tarbia ya beti tatu, kila mshororo ukiwa na mizani 16, yaani nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Jumla ni mizani 192 kwa mwanamke aliyetoka Ukerewe akiwa msichana, akauza dagaa Mwaloni Kirumba hadi uzeeni, akazaa watoto sita na kufiwa na mume.

Rasimu ya kwanza ilijaribu kubeba vyote. Ilikuwa na mshororo huu: "Kazaa watoto sita, wote akawasomesha." Mizani imetimia na hakuna neno la uongo, lakini mshororo huo ungeweza kubandikwa kwenye kadi ya mama yeyote wa mtaa wetu. Muhtasari humwambia msomaji jambo ambalo tayari lina jina, basi hana la kuliona. Niliufuta mshororo huo pamoja na mingine saba ya aina yake, nikajiuliza ni nyakati gani za shangazi ninazoweza kuzieleza kana kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni. Zilikuwa tatu: siku alipoondoka Nansio, bandari ya Ukerewe, siku ya habari ya mume wake, na asubuhi yoyote ya uzee wake sokoni.

Uamuzi uliofuata ulihusu kibwagizo. Wengi wetu tulifundishwa kufunga kila ubeti kwa mshororo uleule, nami nakipenda kibwagizo katika shairi refu, kwa kuwa hadhira hukipokea na kuimba. Katika beti tatu, hata hivyo, kibwagizo kinakula mishororo miwili bure, na mishororo yako 12 inabaki 10. Nilichagua viishio vitatu tofauti vinavyofungwa kwa kina kimoja, ili ubeti ukumbuke mwenzake bila kurudia maneno yote. Shairi lilitoka hivi:

Kivuko kilipoita, furushi lake kabeba,
Mama yake hakumwita, kashika jembe la baba,
Mkono ulimtota, pindoni shilingi saba,
Nyuma hakuangalia, maji yalikuwa mengi.

Redio kwa majirani, Mei tisini na sita,
Dagaa wako juani, wingu likawafuata,
Viatu vi mlangoni, vumbi likavipakata,
Jina akalisikia, katika majina mengi.

Mwaloni ameinuka, sado yake anajaza,
Macho yake yamechoka, kidole kinamjuza,
Mteja akiondoka, humwita akamwongeza,
Pindoni anafungia, saba zimekuwa nyingi.

Kati ya ubeti wa kwanza na wa pili imepita miaka zaidi ya 20, na ndani yake zimo ndoa na kuzaa kote. Kilichonisumbua hapo ni sarufi. Kiambishi "ka" cha masimulizi hushona tendo na tendo: akaondoka, akafika, akaolewa. Ukianza ubeti mpya kwa "akasikia redio", msomaji atadhani habari ile ilimkuta siku ileile ya safari au wiki iliyofuata, na pengo litazibwa kabla halijafunguka. Kwa sababu hiyo ubeti wa pili unaanza na nomino bila kitenzi chochote, "Redio kwa majirani", na "ka" inarudi baadaye, wingu linapowafuata dagaa. Ubeti wa tatu unahamia kwenye "ame" na "ana", nao mlio wa vitenzi vyenyewe unamwambia msikilizaji kwamba tumefika mbali.

Lipo pengo linalosema na lipo pengo linaloficha, na njia ninayoiamini ya kuyatofautisha ni kumsomea mtu asiyemjua marehemu, kisha kumwomba anisimulie yaliyotokea katikati. Ubeti wa pili nilimsomea kwanza mchuuzi mmoja wa Mwaloni wa rika la shangazi. Aliposikia "Mei tisini na sita" hakusubiri mshororo wa pili. Hapa kwetu mwezi na mwaka huo vinatosha: tarehe 21 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakapotea, na baadhi yao wamezikwa katika makaburi ya Igoma. Kisha nikamsomea kijana wa chuo aliyekulia Dodoma. Yeye aliuliza redio ilitangaza nini, na alidhani aliyekufa ni shangazi mwenyewe.

Swali lake lilikuwa la haki. Wakati huo kiishio cha ubeti huo kilikuwa "Hakuna aliyelia, nyumba ina watu wengi", na viatu havikuwamo kabisa. Nilikuwa nimewategemea wasomaji wa Mwanza wajaze peke yao. Sikutaka kuandika neno meli wala neno kufa, basi nikatafuta vitu viwili ambavyo mtu wa mbali angevielewa. Viatu vya mume vilivyobaki mlangoni hadi vumbi likavipakata vinaonyesha nani hakurudi na kwamba siku zilipita bila mtu kuthubutu kuviondoa. Jina moja kusikika katika majina mengi kunaonyesha ukubwa wa msiba. Nilipomsomea kijana yule mara ya pili, alisema: "Mume wake alikuwa katika ajali kubwa." Chombo gani hakukijua, na sikuona haja ya kumwongezea.

Dagaa walioachwa juani sikuwabuni. Dagaa wakishaanikwa, anayewamiliki huangalia mawingu kila mara, kwa kuwa mvua ikiwakuta hawajakauka wanaoza na kazi ya usiku mzima inapotea. Mwanamke wa Mwaloni aliyeliona wingu asiende kuanua amepatwa na jambo zito, na sikuhitaji kuandika kwamba alihuzunika.

Binamu yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa shangazi, aliposoma alininyamazia kwa siku mbili, kisha akanipigia simu. "Kaka, sisi sita hatumo hata mmoja?" Nilimweleza kwamba shilingi saba za ubeti wa kwanza zimekuwa nyingi katika ubeti wa mwisho, na kwamba anayejua ada za shule zililipwa na nini atawaona wote sita katika pindo lile la kanga. Hakuridhika mara moja, nami namwelewa, maana mtu aliyelelewa na mkono ule ana haki ya kuutaka mkono wenyewe. Kisha akaniuliza kwa nini mama yake anamwita mteja aliyekwisha lipa. Nikamwomba arudi kwenye mshororo wa pili wa shairi. Alinyamaza kidogo, akasema: "Bibi hakumwita." Uhusiano huo haukuandikwa popote. Upo katika nafasi tupu baina ya mishororo miwili iliyotengwa na mingine minane, na ungekufa kama ningeongeza hata neno moja la kuueleza.

Mshororo ninaoutilia shaka hadi leo ni ule wa macho yaliyochoka, kwa sababu ukwapi wake ni wa kila mzee. Utao ndio ulionizuia kuufuta: shangazi alikuwa akichovya kidole cha shahada ndani ya gunia, anasugua dagaa mmoja dhidi ya kidole gumba, na kabla hujamlipa mvuvi anakwambia kama walianikwa kwenye mchanga au kwenye chanja.