Programu ya "nguo laini" ndiyo inayolinyonyoa sweta lako

Tandaza kipande cha shuka jeupe la pamba juu ya ndoo, kisha mimina humo maji uliyosuuzia sweta jekundu la flisi. Maji yakishapita, shuka litabaki na utando mwekundu kama vumbi. Ni nyuzi za poliesta, yaani plastiki, nyembamba kuliko unywele, na hizo ni zile tu zilizonaswa. Zilizo fupi zaidi zimeshapenya.

Flisi ni miongoni mwa vitambaa vinavyomwaga sana, na sababu iko kwenye kiwanda: kitambaa chake huchanwa makusudi ili kiote manyoya, kwa hiyo ncha za nyuzi ziko nje tayari. Koti la nailoni lililofumwa kwa nyuzi ndefu, tena kwa kubana, hunyonyoka kidogo tu. Ukitaka kuanza na nguo moja, anza na sweta na blanketi za manyoya.

Wenye mashine wengi huliwekea sweta kama hilo programu ya nguo laini, wakidhani wanalihurumia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, mwaka 2019, ulikuta kinyume: programu hiyo ilitoa hadi nyuzi 800,000 zaidi kwa kila fua kuliko ya kawaida. Mashine inazungusha polepole, ndiyo, lakini inajaza maji mengi, na maji yakipita kwa wingi katikati ya kitambaa huzing'oa nyuzi. Kwa sababu hiyohiyo, kuwashia mashine jezi mbili ni hasara. Subiri nguo zijae pipa, ila ubakize nafasi ya kiganja juu. Zikibanana hazitakati, utazifua tena.

Chagua maji baridi na muda mfupi. Dakika 30 kwa nyuzijoto 15, badala ya dakika 85 kwa nyuzijoto 40, zilipunguza nyuzi kwa karibu asilimia 30 katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Northumbria mwaka 2020. Doa la mafuta halitatoka hivyo. Lipake sabuni kwanza, uliache kidogo.

Wa beseni nao wasijione wamebaki nyuma. Loweka nusu saa, fikicha kola na kwapa tu, sehemu nyingine bonyezabonyeza. Brashi ngumu weka mbali na flisi: kila mkwaruzo unakata ncha. Na sweta lililovaliwa asubuhi moja ya baridi litundike lipigwe upepo, halidai maji.

Sasa ule uchafu wa kwenye chujio la mashine, au ule wa kwenye shuka lako. Kosa la kawaida ni kuusuuza bombani, nyuzi zikaondoka kwa karo zilikokuwa zikienda tangu mwanzo. Uache ukauke, ubandue kwa vidole kama ngozi ya maziwa, uufunge kwenye karatasi na kuutupa pamoja na taka kavu.