Kukubali kwa Sababu na Kukubali kwa Kuchoka

Maadili ya mjadala, nadharia inayohusishwa zaidi na wanafalsafa wa Kijerumani Jürgen Habermas na Karl-Otto Apel, mara nyingi huelezwa kana kwamba yanatutaka tukae pamoja mpaka tuafikiane. Nadhani maelezo hayo yanakosa kiini chake. Katika maandishi yake ya mwaka 1983, Habermas hasemi kwamba kanuni ni halali kwa sababu tu watu wameikubali. Anasema ni halali pale ambapo wote inaowagusa wanaweza kuyapokea, bila kushurutishwa, matokeo yake na hata athari zake za pembeni, iwapo kila mtu ataifuata. Mzigo wa hoja uko kwenye hizo athari za pembeni.

Tuchukue wodi ya kubuni yenye wauguzi 12, ambayo kila usiku huhitaji wawili. Inapendekezwa kwamba wenye watoto wadogo, ambao ni 5, wasipangiwe zamu za usiku. Kwa mwezi wa siku 30 kuna zamu 60, na kila muuguzi angepata 5. Kanuni ikipita, waliobaki 7 watabeba 8 au 9 kila mmoja. Wakipiga kura, wenye watoto wanahitaji wenzao wawili tu ili washinde, lakini ushindi huo hautatuambia kama wale 5 waliobaki wameona sababu yoyote ya kubeba mzigo huo.

Katika mjadala wa kweli, anayependekeza anatoa madai matatu kwa pamoja: kwamba anachosema ni kweli, yaani mtoto hana mtu mwingine wa kubaki naye, kwamba ni haki kumpunguzia mzazi zamu, na kwamba anasema kwa moyo mweupe. Madai mawili ya kwanza yanaweza kutetewa kwa hoja. La tatu halithibitishwi kwa maneno, bali kwa mwenendo wa msemaji katika siku zinazofuata, na hapo ndipo mabaraza mengi huteleza, kwa kuwa huhoji nia ya mtu badala ya kupima sababu yake.

Sasa muuguzi asiye na mtoto anasimama na kusema kwamba anamuuguza mama yake, ambaye naye hawezi kuachwa peke yake usiku. Hajaipinga sababu iliyotolewa. Ameonyesha kwamba inamhusu yeye pia. Mpendekezaji akiwa mkweli, hana budi kuipanua kanuni ili imlinde yeyote mwenye mtu anayemtegemea na asiye na mwingine wa kumwachia. Mabadiliko ya namna hii, kwa maoni yangu, ndiyo dalili iliyo bora zaidi kwamba mjadala umefanyika: kanuni iliyotoka si ile iliyoingia, na aliyeibadilisha ni mtu ambaye pendekezo la kwanza halikumwona.

Anabaki asiye na mtegemezi yeyote, ambaye zamu zake zimeongezeka. Msimamizi akimwambia kwamba asiyeridhika anaweza kutafuta kazi kwingine, atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaandikwa kuwa ni kukubali. Hilo Habermas huliita tendo la kimkakati, ambalo humsukuma mtu kwa kitisho au kwa malipo, tofauti na tendo la mawasiliano, ambalo humfikia kwa sababu anayoweza kuikataa. Akiahidiwa mapumziko zaidi naye akaridhika, tumepata mapatano, ambayo si aibu, mradi pande zote zilikuwa na nguvu inayokaribiana wakati wa kujadiliana. Makubaliano ni kitu kingine, kwa sababu hapo kila mmoja anaipokea kanuni kwa sababu ileile. Kipimo ninachokitumia ni kuuliza kama angeendelea kuikubali iwapo kitisho na ahadi vyote vingeondolewa.

Palipo dhaifu ni kwa wagonjwa. Wao ndio watakaohudumiwa na muuguzi aliye katika zamu yake ya tisa, na baadhi yao hawana hata fahamu. Nadharia inaruhusu wengine waseme kwa niaba yao, lakini msemaji huyo ni muuguzi mwenye masilahi yake katika ratiba ileile. Sijaona jibu linaloniridhisha kuhusu jambo hilo.

Isitoshe, ratiba lazima ibandikwe kabla hoja hazijaisha. Habermas huuchukulia uamuzi wa wengi kuwa kituo cha muda katika mjadala unaoendelea, ambacho walioshindwa wanakistahimili kwa kuwa bado wana nafasi ya kuwashawishi wenzao. Kwa hiyo ningeanza kuitilia shaka ratiba ya wodi hii si siku ya kura, bali mwezi unaofuata, ikiwa yule aliyeongezewa zamu ataomba suala lifunguliwe upya na kuambiwa kwamba lilikwisha.