Barua ya Siku Saba

Jamani, mimi kazi yangu kwenye ofisi hii ya wachora ramani hapa Dodoma ni kutuma invoisi na kupokea matusi. Barua yetu ya kodi ya zuio aliiandika bosi mwenyewe: "Wateja wetu wapendwa, kwa mujibu wa sheria, malipo ya huduma yatazuiliwa asilimia tano na kuwasilishwa ndani ya siku saba." Basi. Akasaini, akapiga muhuri, akaenda kula nyama choma.

Mzee mmoja mwenye lodge tulimchorea jengo la nyuma kwa 1,000,000. Weka VAT ya 18, jumla 1,180,000. Yeye akakata asilimia tano ya jumla yote, 59,000, wakati kodi ya zuio hukatwa kwenye bei kabla ya VAT, yaani 50,000. Alipaswa kutulipa 1,130,000, akaleta 1,121,000. Namuuliza ile 9,000, ananijibu, "Mwanangu, asilimia tano ni asilimia tano."

Na hizo siku saba! Akazihesabu tangu siku alipopokea invoisi. Akaenda kupanga foleni kulipa kodi ya hela ambayo sisi wenyewe hajatupa.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeniua kabisa. Anajenga kibanda chake cha kuishi Nkuhungu, si biashara, kwa hiyo hatakiwi kukata hata senti. Amekata. Kaifunga kwenye leso. "Naitunza mpaka wenyewe waje, baba."

Nikaomba niiandike upya. Bosi akanuna, eti naondoa heshima ya barua. Heshima gani, shikamoo? Nikaandika hivi:

"Ukitulipa kwa ajili ya biashara yako, chukua bei kabla ya VAT, kata shilingi 5 katika kila 100. Mfano: kazi ni 1,000,000, VAT ni 180,000. Kata 50,000. Sisi utulipe 1,130,000. Hiyo 50,000 ipeleke TRA. Ukitulipa siku yoyote ya Machi, mwisho ni tarehe 7 Aprili. Kisha tupe cheti cha kodi ya zuio. Nyumba ya kuishi mwenyewe? Usikate, utulipe yote."

Kile cheti nilikipigia mstari mara mbili. Bila cheti, mwisho wa mwaka tukipiga hesabu za kodi yetu, ile 50,000 hatuna cha kuonyesha kwamba ilishalipwa. Tunailipa tena sisi, huku vumbi la Dodoma linatupiga usoni.

Bosi akaisoma, akaguna, akachomeka "kwa mujibu wa sheria" pale juu ili moyo wake utulie. Nikamwachia.

Jana mzee wa lodge kanipigia. "Mwanangu, hii barua mpya nimeielewa vizuri kabisa. Kumbe ile 9,000 kweli mnanidai."

"Ndiyo, mzee wangu."

Kimya. "Ile ya zamani unayo bado?"