Mdomo ama pua? Hesabu ya pumzi kwa mkimbiaji wa Mombasa

Mkimbiaji mmoja kaniuliza: "Hivi nikifunga mdomo nikavuta kwa pua tu hata kwa mbio za nguvu, si ndo mapafu yatazoea? Na hii ya hatua 3 ndani 2 nje ni kweli ama porojo?"

Mi ntaanza na hatua manake hapo watu hubishana bure. Chukua mtu anaepiga hatua 170 kwa dakika, mwendo wa kupiga stori. Akivuta kwa hatua 3 akatoa kwa hatua 3, pumzi moja imekula hatua 6, yaani kama pumzi 28 kwa dakika. Akienda 3 na 2 anafika 34, akibana 2 na 2 ni 42 na ushee. Kwa hivyo ukibadilisha hesabu umebadilisha hewa, ndo maana mtu anaeng'ang'ania 3 na 3 huku spidi imepanda anajinyima mwenyewe alaf anasema hana pumzi.

Wapenzi wa 3 na 2 wana hoja tamu. Jumla ni 5, namba witiri, kwa hivyo pumzi ya kutoa ikianzia mguu wa kulia, inayofata itaanzia kushoto, na ule mshindo wa mguu wakati kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, kimelegea haubebwi na upande mmoja kila siku, eti hapo ndo unaepuka kichomi cha ubavu na majeraha. Kwa masikio inaingia, lakini ushahidi kwamba inazuia majeraha ni mwembamba sana. Alaf Bramble na Carrier, waliochapisha utafiti wao 1983, waliona wakimbiaji wanafunga pumzi na hatua kwa uwiano tofauti tofauti (farasi akikimbia kasi hana hiyari, ni pumzi moja kwa kila mruko) na uliopendwa zaidi na binadamu ni pumzi moja kwa hatua 4, yaani ile ile 2 na 2 inayosemwa vibaya. Kama 3 na 2 inakutuliza endelea nayo, mi mwenyewe huitumia kwa mwendo wa kati, ila usimvunjie mtu heshima kwa sababu yake.

Sasa pua. Kwa mwendo wa polepole naikubali kabisa. Inachuja vumbi na angalau sehemu ya huo uchafu wa barabarani, na inakushika usiende kasi siku ya kupumzika, manake ukishindwa kufunga mdomo basi ushapita mwendo rahisi. Faida ya kupasha hewa joto na unyevu ndo wanaisifia sana, lakini hiyo ni ya watu wa baridi, hapa kwetu hewa ishapashwa na bahari kabla haijakufikia.

Shida ni wingi wa hewa. Watu wengi hufungua mdomo wenyewe bila kufikiri hewa ikifika kama lita 35 hadi 40 kwa dakika. Ukikimbia kwa nguvu, hatua 180 kwa mpigo wa 2 na 2, ni pumzi 45, kila moja tuseme lita 2.2, hapo ushafika lita 99 kwa dakika. Tundu la pua ni lile lile, na ukivuta kwa nguvu kuta zake laini zinafyonzwa ndani zinaziba zaidi.

Upande wa pili una utafiti wa Dallam na wenzake, 2018, wakimbiaji 10 waliozoea pua tu kwa miezi 6, walipopimwa walifikia kilele kile kile cha oksijeni inayotumiwa na mwili, kwa pua kama kwa mdomo, tena kwa hewa kidogo zaidi. Siudharau. Ila ni watu 10, washazoea, na kufikia kilele kwenye mashine si sawa na kushinda mbio za kilomita 10. Na hakuna ushahidi kwamba mapafu yalikua hapo, kinachoonekana kubadilika ni kuvumilia kaboni dayoksaidi kupanda kwenye damu.

Jamaa yangu alijaribu pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, vipande 6 vya mita 400, mdomo umefungwa. Viwili vya mwanzo alienda dakika 1:50, cha tatu puani kukaanza kunata, cha tano akamaliza 2:05 na kichwa kinamgonga, mabega yamepanda masikioni. Wiki ilofata, mdomo wazi pamoja na pua, vyote 6 vikatoka kati ya 1:48 na 1:51. Mtu mmoja si utafiti, najua, joto pia hubadilika, lakini zile dalili mbili, kichwa kugonga na mabega kupanda, ndo unazotakiwa kuzitafuta kwako. Ukiziona katikati ya kipande fungua mdomo hapo hapo, toa pumzi ndefu mbili, alaf shika 2 na 2. Kile kipande cha mwisho, mita 100 za kujimaliza, pumzi ikikataa hesabu iache iende inavyotaka, hata 2 na 1.