Ada, mtihani au tafakuri: kipi kinamfikia muuguzi akiwa wodini?

"Ada nalipa, kazini nipo kila siku. Hizi insha tano za nini tena? Si afadhali watupe mtihani yaishe?" Ndivyo anavyouliza muuguzi mmoja Mkenya anayefanya kazi Uingereza, ambako kila miaka mitatu anayehuisha usajili wake lazima aandike insha tano za kutafakari kazi yake. Wenzake wengi wanaliuliza hilo.

Tuanze na ada, maana haina mengi. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, hutoza ada kila mwaka. Mwaka 2015 ilipanda kutoka pauni 100 hadi 120. Usipolipa, jina linaondoka kwenye rejesta. Fedha hizo ndizo zinazoendesha rejesta na kusikiliza mashauri ya wanaolalamikiwa. Lakini malipo hayasemi lolote kuhusu unavyomhudumia mgonjwa.

Mtihani una uzito wake. Marekani, bodi ya madaktari wa magonjwa ya ndani, ABIM, iliamua kuwa vyeti vinavyotolewa kuanzia 1990 viishe baada ya miaka 10 na kuhuishwa kwa mtihani, huku waliotangulia wakibaki na vyao vya maisha. Faida yake iko wazi: elimu iliyochakaa huonekana, na rafiki yako hawezi kukujibia maswali. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2014 ulilinganisha makundi hayo mawili. Gharama za matibabu zilipanda polepole kidogo kwa wagonjwa wa waliolazimika kuhuisha vyeti, ila idadi ya wagonjwa waliolazwa kwa maradhi ambayo huduma nzuri ya nje ingeyazuia haikutofautiana. Madaktari walilalamika sana, na tangu 2022 wanaweza kuchagua kujibu maswali 30 kila robo mwaka, vitabu vikiwa wazi mbele yao.

Sasa hizo insha tano. Utaratibu huu ulianza Aprili 2016, baada ya uchunguzi wa wakili Robert Francis kuhusu huduma mbovu katika hospitali ya Stafford, uliotoa ripoti yake mwaka 2013. Huko, wagonjwa waliwekewa maji na chakula mahali wasipoweza kufikia. Hilo linafaa kutusumbua kila tunapodai mtihani. Ni muuguzi gani angekosa swali la kama mgonjwa anahitaji maji? Pengo lilikuwa kati ya kujua na kutenda, na karatasi ya maswali haifiki hapo.

Chukua mfano wa wodi yoyote. Saa moja asubuhi muuguzi anapima sukari, anachoma insulini ya kufanya kazi haraka, anahamia kitanda kinachofuata. Toroli la kifungua kinywa linachelewa hadi saa mbili na nusu. Mgonjwa anatokwa jasho, anatetemeka, sukari imeshuka hadi 3.1, wakati chini ya 4 tayari ni hatari. Mtihanini muuguzi huyu angepata alama zote, kwa kuwa anajua vizuri kwamba insulini hiyo huenda pamoja na chakula.

Fomu ya NMC inamuuliza mambo mengine: tukio lilikuwa nini, umejifunza nini, umebadilisha nini kazini, na linahusiana vipi na kanuni za maadili. Akiandika "nimejifunza umuhimu wa mawasiliano", hajaandika kitu. Akiandika "sichomi tena mpaka sinia iwe mbele ya mgonjwa, na tumekubaliana na wa jikoni wagonjwa wa insulini wahudumiwe kwanza", kuna jambo ambalo mtu anaweza kwenda wodini kulikagua. Tafakuri ya kweli unaitambua kwa hilo: ina kitendo kilichobadilika.

Udhaifu upo, tena mkubwa. Insha ni tano tu kwa miaka mitatu, na unachagua mwenyewe la kuandika, kwa hiyo lenye aibu ni rahisi kuliacha. Baada ya kesi ya Hadiza Bawa-Garba, daktari aliyetiwa hatiani kwa kifo cha mtoto aliyekuwa akimtibu, kutikisa Uingereza mwaka 2018, wahudumu wengi waliingiwa na hofu kwamba walichoandika kwa uaminifu kinaweza kugeuzwa ushahidi dhidi yao. Hofu hiyo inazaa insha laini zisizosema kitu. Halafu ni lazima ujadili insha hizo na muuguzi au mkunga mwingine aliyesajiliwa, lakini hakuna kinachokuzuia kumchagua rafiki yako wa zamu moja, mkamaliza kwa kikombe cha chai.

Hata hivyo, mazungumzo hayo ndiyo sehemu ambayo ada wala mtihani hauna. Nisingeyabadilisha kwa maswali ya kuchagua jibu. Ningetaka mwenza wa mazungumzo atoke wodi nyingine, na angalau insha moja itokane na lalamiko la mgonjwa au ndugu zake, kwani fomu tayari inaruhusu maoni ya wagonjwa kuwa chanzo. Na kabla ya kutia saini, mwenza aulize swali moja: wiki iliyopita ulilifanya hilo, na kwa mgonjwa wa namna gani?