Cheki Hapo Tatizo Liko Wapi

Mtu anakutumia faili la logi la gigabaiti 2, mistari zaidi ya milioni 11, na ujumbe wa maneno matano: "Cheki hapo tatizo liko wapi." Salamu hakuna. Mfumo gani, umegoma vipi, nani alikuwa anafanya nini, hakuna. Ukimuuliza anakujibu, "Si yote yamo humo?" Ndiyo, yamo. Hata sindano imo baharini, ndugu yangu.

Na hapo ujue umebahatika. Kuna wanaotuma picha ya skrini waliyopiga kwa simu kwa pembeni, mwanga wa taa umekaa juu ya neno lenyewe unalolitaka, na kidole gumba kimefunika saa. Kwa hiyo faili zima ni neema, tushukuru. Ila usilifungue kwa programu ya kuandikia barua. Kompyuta itaganda, feni italia, na bosi akipita ataona umekaa unatazama skrini nyeupe. Mimi nafungua kwa `less`, inayosoma kidogo kidogo badala ya kumeza lote kwa mpigo.

Nikamuuliza imeanza lini. "Saa mbili." Saa mbili ipi? "Saa mbili asubuhi, tulipofika kazini." Sasa hiyo ndiyo saa waliyofika wao, siyo saa tatizo lilipofika. Mfumo unaweza kufa alfajiri watu wakiwa wanakoroma, wakaja kuwasha kompyuta wakasema umekufa sasa hivi. Hata hivyo nikaanza na amri wanayoanza nayo wote, kutafuta mstari wa kwanza wenye neno ERROR:

```
grep -n -m 1 'ERROR' mfumo.log
```

Ikatoa mstari wa 3. Wa tatu, katika milioni 11! Unasema mfumo unashindwa kupata anwani ya mtu wa kumtumia barua pepe. Jamaa alikuwa amesimama nyuma yangu, akapiga makofi. "Umeona? Ni barua pepe!" Kabla sijafungua mdomo ameshampigia bosi, na bosi ameshatoa amri kwamba barua pepe zitengenezwe haraka.

Barua pepe haina hatia. Mstari ule unajirudia kila baada ya dakika 5 kuanzia Mei 1, na faili linaishia Mei 12. Siku zote hizo watu walikuwa wanafanya kazi, wanacheka, wanachapa risiti. Ni kero ya kudumu ambayo kila mtu kaizoea. Kosa la kwanza ninalolitafuta mimi ni lile ambalo jana halikuwepo, na huwezi kulijua bila kutazama jana mfumo ulikuwa unalalamika nini ukiwa mzima. Lakini kamwambie bosi kwamba kosa la kwanza si kosa la kwanza. Mimi sikumwambia. Nikahesabu makosa kwa kila dakika. Herufi 16 za mwanzo wa mstari zinabeba tarehe, saa na dakika, hivyo unazikata hizo tu:

```
grep 'ERROR' mfumo.log | cut -c1-16 | sort | uniq -c
```

Hapo picha ikajitokeza yenyewe:

```
      1 2025-05-12T02:05
      1 2025-05-12T02:10
     38 2025-05-12T02:14
    412 2025-05-12T02:15
```

Zile moja moja ni barua pepe yetu na dakika zake tano. Dakika ya 02:14 ndipo nyumba iliposhika moto. Jamaa akatazama, akaguna. "Saa nane usiku? Haiwezekani, usiku hakuna mtu." Nikamwonyesha herufi Z mwishoni mwa saa kwenye mistari ile. Z maana yake ni UTC, saa ya kimataifa, na wao wako saa 3 mbele, kwa hiyo ile ni 05:14 kwao, saa kumi na moja alfajiri. Kama ningekwenda kichwa kichwa kutafuta 08:00 kwa kuwa kaniambia saa mbili, ningetua saa tano asubuhi yao, wakati watu wameshazima na kuwasha kila kitu mara chungu nzima.

Basi nikaingia kwenye ile 02:14. Mstari wa kwanza mpya ni wa 02:14:07Z: programu inasema imeikosa hifadhidata, `Connection to localhost:5432 refused`. Baada ya sekunde 30 kamili, 02:14:37Z, linaanza tamko jingine: `Connection is not available, request timed out after 30000ms`. Hili la pili ndilo limejaza faili, maelfu kwa maelfu, na ndilo kila mtu alilokuwa akinisomea kwa simu kwa sauti ya huzuni. Lakini tazama hizo sekunde 30. Milisekunde 30000 ni sekunde 30 hizo hizo. Ombi lilisubiri zamu yake mpaka likachoka, ndipo likalia. Kumbe kelele yote hii ni ya waliokuwa kwenye foleni. Kwenye msiba anayelia kwa sauti kubwa kuliko wote mara nyingi ni jirani aliyefika mwisho, na ukimuuliza nani kafa, hajui.

Sasa hifadhidata yenyewe ilipatwa na nini? Ukitafuta ERROR upande wake, dakika ile hupati kitu. Nikajaribu maneno mengine ya kilio, FATAL na PANIC, nikaupata huu:

```
2025-05-12 05:14:06.412 +03 [2231] PANIC:  could not write to file "pg_wal/xlogtemp.2231": No space left on device
```

Diski imejaa. Jamaa akakuna kichwa. "Lakini huu ni wa 05:14, na programu imelia 02:14. Hifadhidata imekufa saa 3 baadaye. Kwa hiyo programu ndiyo imeiua." Na ukizipanga kwa macho ni kweli zinakaa hivyo. Ila hifadhidata inaandika saa za pale walipo, ile +03, na programu inaandika UTC. Toa 3 kwenye 05:14:06 unapata 02:14:06. Hifadhidata imetangulia kwa sekunde moja. Sekunde moja tu ndiyo imegeuza muuaji kuwa marehemu.

Aliyenifanyia uchawi huu wote ni huyu huyu mtumaji. Alichukua mafaili matatu, la programu, la hifadhidata na la bakapu, akayaunganisha kuwa moja "ili nisisumbuke". Kayabandika moja baada ya jingine, kwa hiyo mstari wa milioni 10 unaweza kuwa umetokea kabla ya mstari wa mia. Ile `grep -m 1` inakupa wa kwanza kwa nafasi kwenye faili. Nani alitangulia kwa saa, hiyo ni kazi yako na karatasi yako.

Mwingine angeishia hapo: diski imejaa, futa vitu, washa, nenda nyumbani. Sawa, lakini imejazwa na nini? Itajaa tena, na simu itakuja kwangu. Nikaenda kwenye yanayojirudia. Mistari inayofanana huwa haifanani kwa sababu ya tarehe na namba zilizomo, kwa hiyo unageuza kila namba kuwa N, halafu unahesabu:

```
sed -E 's/[0-9]+/N/g' mfumo.log | sort | uniq -c | sort -rn > idadi.txt
```

Kwa faili la ukubwa huu unaweza kwenda kuoga ukarudi. Juu kabisa, kama ilivyotarajiwa, waombolezaji. Mimi nilishuka chini, kwa wale wanaojirudia mara chache. Nikakuta mmoja umejirudia mara 10 tu:

```
find: ‘/data/backup’: No such file or directory
```

Hauna ERROR. Hauna WARN. Hauna hata saa! Mnyonge wa mwisho. Saa yake unaipata kwa kumwuliza jirani yake wa juu, kwa `grep -B 1`, inayokuletea na mstari uliotangulia. Jirani anasema `Backup start`, kila siku saa 05:00 alfajiri, kuanzia Mei 3 mpaka Mei 12. Mei 1 na Mei 2 haupo.

Hapo nikageuza kiti. "Mei 2 mlifanya nini kwenye seva?" Jamaa akaapa. Hakuna aliyegusa kitu, kamwe. Akatafakari. "Labda ile ya kupanga folda tu." Folda gani? "Ile ya bakapu, tuliibadilisha jina iwe /data/bakapu. Lakini script tuliirekebisha, bakapu inaingia vizuri kabisa." Kuingia inaingia. Script ina sehemu mbili: ya kwanza inafuta bakapu za zamani, ya pili inaandika mpya. Walirekebisha ya pili. Ile ya kufuta ikaendelea kwenda kila alfajiri kwenye folda ya zamani, inagonga, hakuna mtu, inarudi. Siku 10 zinaingia mpya, haitoki hata moja, na diski ni hiyo hiyo ya hifadhidata. Alfajiri ya Mei 12 bakapu ikaanza 05:00, na 05:14 nafasi ikaisha. Mstari upo: `gzip: stdout: No space left on device`. Na chini yake, bila aibu, script ikaandika `Backup finished OK`.

Nikawaambia warekebishe njia ya kufutia na waondoe bakapu kongwe. Mwenzake akasema yeye ana wazo bora: kuna folda inaitwa pg_wal, kubwa, haijui kazi yake, aifute hiyo. Nilipiga ukelele mpaka ghorofa ya chini wakauliza. Humo ndimo hifadhidata inaweka mabadiliko yake kabla ya kuyaandika mahali pake pa kudumu. Ukifuta kwa mkono inaweza kushindwa kuamka kabisa.

"Basi nifute bakapu zote," akasema jamaa, kidole kikiwa juu ya kitufe, "nibakishe ya leo. Si ndiyo mpya? Imeandikwa OK."

Nikamwambia aipime kwanza kwa `gzip -t`. Akachapa, skrini ikajibu `unexpected end of file`. Akaitazama muda mrefu, kisha akaipiga picha kwa simu, kidole gumba juu ya neno la mwisho, akanitumia mimi niliyekaa pembeni yake.