Kuvuka Nzoia: kuukazia mwembe macho au kulenga juu ya mto?

"Mwalimu, huku Bunyala baba yangu huelekeza omo ya mtumbwi kwenye mwembe wa ng'ambo na haondoi macho mpaka afike. Binamu yangu hulenga juu ya mto, kule maji yanakotoka. Wote hufika. Nani anapiga kasia bure?"

Baba yako ndiye anayechoka zaidi, ila ana hoja ambayo binamu yako hana. Tuweke namba kwanza, maana bila namba mabishano ya kivukoni hayaishi.

Tuseme mto una upana wa mita 60 na mzee anapiga kasia kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde katika maji yaliyotulia. Mkondo utaupima wewe mwenyewe. Hesabu hatua zinazotosha mita 12 ukingoni, tupa gunzi kavu la mahindi katikati ya maji, kisha tazama saa ya simu. Likipita mita hizo kwa sekunde 20, maji yanakwenda mita 0.6 kwa sekunde. Kinachoamua mambo yote ni uwiano wa mkondo kwa mwendo wa kasia, nitakaouita k. Hapa k ni 0.6.

Mzee anaanza akiwa mkabala na mwembe. Omo imenyooka ng'ambo, kwa hiyo hakuna nguvu yake hata chembe inayopinga maji, nayo yanamteremsha yanavyotaka. Akishateremka kidogo, mwembe unabaki upande wa juu wa mto kuliko alipo. Anaufuata kwa omo, na sasa sehemu ya kasia inapanda mto. Anavyozidi kuteremka ndivyo anavyozidi kugeuka. Njia yake inakuwa upinde. Kama x ni umbali uliobaki hadi ukingo wa ng'ambo, a ni upana wa mto, na y ni kiasi alichoteremshwa, upinde huo ni:

y = (a/2)[(x/a)^(1−k) − (x/a)^(1+k)]

Ingiza namba zetu utaona mteremko mkubwa kabisa ni kama mita 14, akiwa amebakiza mita 19 hivi kufika ng'ambo. Sehemu inayonivutia zaidi iko baada ya hapo. Akibakiza mita 1 tu kugusa ukingo, bado yuko karibu mita 6 chini ya mwembe. Yaani mwisho wa safari omo yake inatazama juu ya mto karibu moja kwa moja, na anajikokota kwa mita 0.4 kwa sekunde, mwendo wake ukitoa wa maji. Ukimwona mtu anamalizia kivuko akipanda sambamba na matete, jasho likimtoka, ujue alikuwa anaukazia mti macho.

Muda wake unapatikana kwa njia fupi ambayo wanafunzi wangu huipenda kuliko fomula yenyewe. Chukua umbali uliobaki hadi kwenye mwembe, uongezee 0.6 ya mteremko. Jumla hiyo hupungua kwa 0.64 kila sekunde, popote alipo mtoni. Sababu ni kwamba mwembe ukizidi kuwa juu ya mto, mkondo unazidi kumsogeza mbali nao, lakini papo hapo kasia lake linazidi kupunguza mteremko. Ukizidisha hilo la pili kwa 0.6, mawili hayo yanafutana kabisa. Kinachobaki ni mita 1 ya kasia ukitoa 0.6 mara 0.6. Jumla ilianza na 60 na inaisha na sifuri, basi 60 gawanya kwa 0.64 ni karibu sekunde 94. Kati ya hizo, kama 50 zinaliwa na zile mita 19 za mwisho.

Binamu yako sasa. Yeye anainua omo juu ya mto kwa digrii 37 tangu anapoondoka, ili mita 0.6 ya kasia lake ifute mkondo na 0.8 ivuke. Anakwenda mstari ulionyooka, ubavu ukiwa umeelekea ng'ambo kidogo, na anafika kwa sekunde 75. Kwa mkondo ulio sawa mto mzima, hakuna njia ya haraka zaidi ya hiyo. Mzee amepoteza robo ya muda juu yake.

Je, basi kesi imekwisha? Hapana, kwa sababu binamu alihitaji kuujua mkondo kabla ya kuondoka. Jana maji yalikuwa 0.6, leo maji ya mvua ya milima ya Cherang'any yamefika na ni 0.8, naye binamu kashikilia digrii zake 37. Baada ya sekunde 75 atagusa ukingo mita 15 chini ya mwembe, pengine katikati ya mafunjo pasipo na pa kushukia. Mzee, ambaye hakujua jana wala leo, atafika pale pale mwembeni. Itamchukua sekunde 167, lakini atafika. Njia yake inajirekebisha yenyewe, na hilo si jambo dogo kwa mtu asiye na saa wala gunzi.

Tena kuna jambo linalomtetea ambalo fomula imelificha. Nimechukulia mkondo ni mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, na mto haufanyi hivyo. Karibu na kingo maji huenda polepole, isipokuwa upande wa nje wa kona. Zile mita 6 za mwisho mara nyingi mzee huzipandia kwenye maji yaliyolala, kwa hiyo hasara yake halisi huenda ikawa ndogo kuliko ya karatasi. Na mto ukiwa mpole, k ikiwa 0.2, tofauti ya wawili hawa ni sekunde moja na kidogo. Hapo sioni sababu ya kugombana.

Lakini kwa mkondo wenye nguvu mimi niko upande wa binamu, mradi aache kushikilia digrii na atumie alama mbili. Achague mwembe na kitu kilicho nyuma yake kwa mbali, tuseme mlingoti wa simu, vikiwa vimepangana. Mwembe ukianza kuhama kuelekea juu ya mto ukilinganisha na mlingoti, anateremshwa: ainue omo zaidi. Ukihamia chini, amezidisha. Akivishika vipangane muda wote atakwenda mstari ulionyooka hata mkondo ukibadilika katikati, bila kupima chochote. Anapata urahisi wa mzee bila kulipa zile sekunde 19.

Pale gunzi linapopita zile mita 12 kwa sekunde 12, k ni 1, na macho ya mzee hayamsaidii tena: upinde unaishia mita 30 chini ya mwembe, nusu ya upana wa mto, naye anazidi kuusogelea ukingo polepole bila kufika. Kwa sekunde 10, k ni 1.2. Akibakiza mita 1 ameshateremka mita 68, na kila anavyopiga kasia kuutazama mwembe anaburutwa sambamba na ukingo bila kuugusa. Binamu naye hawezi kushika alama zake siku hiyo, ila akilenga digrii 56 juu ya mto atagusa ng'ambo mita 40 chini, na huo ndio mteremko mdogo kabisa unaowezekana. Kwa hiyo aukokote mtumbwi mita 40 kupanda ukingo kabla ya kuushusha majini, au asubiri maji yapungue.